Ndoo Moja Imechacha, Nyingine Haina Neno: Kwa Nini Mchele wa Kahawia Haukai

"Mume wangu ana kisukari, na tuliambiwa tupunguze mchele mweupe. Julai mwaka jana nilinunua mpunga wa Kyela, nusu nikaukoboa kabisa, nusu nikatoa kapi tu. Mchele wote niliujaza kwenye ndoo za lita 20 zenye mifuniko ya kubana, nikaziweka stoo ya jikoni hapa Mbeya mjini. Sasa ni Machi. Mweupe hauna neno. Ule wa kahawia, ukifungua ndoo unanuka mafuta ya zamani, na wali wake unakera kooni. Mama mkwe ana debe la mchele mweupe la tangu mwaka 2014 na bado anapikia wageni. Nimekosea wapi? Na nikitaka mchele wa kahawia wa kukaa miaka mingi, nifanyeje?"

Dada, ndoo zako hazina kosa, wala aliyekuuzia mpunga hakukupunja. Nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ni fupi: mchele wa kahawia wa kukaa miaka mingi haupo. Kwenye joto la kawaida la nyumba hesabu miezi sita hivi, na kwenye friji au friza unaweza kufika mwaka. Wako umekaa minane, tena karibu na jiko. Vinavyokaa miaka ni mchele mweupe, na mpunga wenyewe ukiwa bado ndani ya kapi lake. Huo mpunga ndio utakaokutoa kwenye tatizo hili, nitaurudia.

Chukua punje moja ya mchele wa kahawia uiweke kiganjani penye mwanga. Ikune kwa ukucha. Utaona utando mwembamba wa rangi ya udongo unabanduka kama vumbi, na chini yake kuna weupe. Sasa tazama ncha moja ya punje, upande mmoja, pana kidoa kidogo kilichojibana kama jicho. Hicho ndicho kiini, sehemu ambayo ingeota kama ungeipanda. Kisha chukua punje ya mchele mweupe uitazame mahali palepale. Utakuta pengo, kama jino lililong'olewa. Mashine ya kukoboa imeondoa utando na kiini pamoja, na kukuachia wanga karibu mtupu.

Mafuta ya mchele karibu yote yamo kwenye utando ule na kiini kile. Pumba laini inayotoka kwenye mashine ina mafuta kati ya asilimia 15 na 20, ndiyo maana kuna nchi wanaikamua kupata mafuta ya kupikia. Ndoo yako ya lita 20 inabeba kama kilo 16 za mchele. Ukiwa wa kahawia, humo ndani mna mafuta kama gramu 400, yaani ujazo wa chupa ndogo ya maji ya nusu lita, kasoro kidogo. Ukiwa mweupe, mafuta ni kama vijiko sita vya chakula kwa ndoo nzima. Mafuta ya kupikia yakimwagwa kidogo kidogo juu ya punje zote hizo, yakaachwa miezi minane penye joto, hakuna ambaye angeshangaa yakinuka. Ndicho kilichotokea kwako, ila hapa hakuna aliyeyamwaga. Yalikuja na punje.

Kama ni hivyo, utaniuliza, mbona mpunga nao una utando uleule na kiini kilekile, na unakaa ghalani mwaka mzima bila kuchacha? Hapa ndipo penye siri yenyewe. Ndani ya utando wa punje, pamoja na mafuta, kuna kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho kazi yake ni kuyakata mafuta vipande vipande. Mmea unakihitaji siku ya kuota, ili kichipukizi kipate chakula. Mpaka siku hiyo ifike, punje nzima inavitenga: mafuta yana tabaka lake, lipasi ina tabaka lake, na ukuta katikati. Kapi gumu likiwa juu, hakuna kinachogusa kuta hizo. Punje ikipita kwenye mashine ya kutoa kapi, inasuguliwa, inachubuka, na mara nyingine inavunjika. Kuta zinapasuka, lipasi inayafikia mafuta. Kazi inaanza siku hiyohiyo, mchele ukiwa bado kwenye mfuko unaotoka nao mashineni.

Lipasi ikikata mafuta, hutoa asidi za mafuta. Hizi ndizo zinazokera koo na kuacha ladha kama ya sabuni kwa mbali. Baada yake ndipo anaingia mwizi wa pili, oksijeni ya hewani. Inazishika asidi hizo, inazivunja, na mabaki yake ndiyo harufu ile ya karanga za mwaka juzi uliyoisikia ukifungua ndoo. Kwa hiyo wezi ni wawili: wa kwanza hahitaji hewa kabisa, maji kidogo yaliyomo ndani ya punje kavu yanamtosha. Wa pili ndiye anayehitaji hewa. Mfuniko wa kubana unamzuia mmoja tu, tena nusunusu. Ndoo yako ikijaa mchele, bado katikati ya punje mna hewa kama lita nane, na moja ya tano yake ni oksijeni. Na kila ukifungua kuchota, unaingiza nyingine.

Hili nililijifunza kwa hasara. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliamini kwamba hewa ndiyo adui pekee. Nikajaza kilo tano za mchele wa kahawia kwenye chupa za plastiki, nikatia vile vipakiti vya unga wa chuma vinavyofyonza oksijeni, nikafunga kwa majigambo na kuandika tarehe. Baada ya mwaka na nusu nikafungua mbele ya wenzangu. Harufu hakuna, tukafurahi. Tukapika. Mwenzangu mmoja akatafuna kijiko cha kwanza, akaniangalia, akauliza kama sufuria ilisuuzwa vizuri. Ilikuwa ladha ya sabuni. Mwizi wa pili nilimfungia nje, wa kwanza nilimfungia ndani na chakula chake.

Ukiwaelewa wezi hao wawili, ushauri mwingi unaopewa sokoni utaupima mwenyewe. Majani ya mwarobaini, pilipili kavu, majivu: hivyo vyote ni vita vya fukusi, na mafuta hayana habari navyo. Kuanika mchele wa kahawia juani ili "urudi upya" ni kumsaidia mwizi, kwa sababu jua na joto huharakisha oksijeni, na punje zikikauka ghafla hupasuka na kutoa mafuta zaidi. Kuna pia wale wanaowasha mshumaa ndani ya pipa kabla ya kufunga wakidhani umekula hewa yote. Mshumaa huzimika oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 hadi kama 16. Iliyobaki inatosha na kuzidi.

Kinachowapunguza kasi wezi wote wawili kwa pamoja ni ubaridi. Kwa makadirio ya kawaida, joto likipanda nyuzi 10, kazi hizi huenda karibu mara mbili ya kasi. Mpunga wako ulilimwa Kyela, chini kule karibu na Ziwa Nyasa, ambako joto ni kali. Mbeya mjini tuko juu, mita 1,700 hivi, na Juni na Julai tunalala na mablanketi mawili. Chumba cha upande wa kivulini hapa kwetu ni ghala zuri kuliko nyumba nyingi za nchi hii. Wewe ukaichukua ndoo ukaiweka stoo ya jikoni, chini ya bati, ukuta mmoja na jiko. Mchele ukawa unaishi Kyela huku umo Mbeya. Hilo ndilo kosa pekee ninaloweza kukusomea, na hata bila hilo, miezi minane ingekuwa mingi.

Sasa debe la mama mkwe. Usimcheke. Mchele mweupe hauna cha kuchacha cha maana, kwa hiyo maadui wake ni unyevu, wadudu na panya, na wote hao wanazuilika kwa chombo kizuri. Wamormoni wa Marekani, ambao kwa imani yao hujiwekea akiba ya chakula nyumbani, wanaukadiria mchele mweupe miaka 30 ukiwa mkavu, umefungwa kwenye kopo bila oksijeni, mahali pa ubaridi. Debe la mama halina ufundi huo wote, lakini limekaa mahali pakavu na limefungwa vizuri, na miaka kumi na kitu si ajabu kwake. Mchele wa namna hiyo hubadilika, ila si kwa kuoza. Rangi inaelekea kwenye umanjano kidogo, na ule unukiaji wa Kyela unaowafanya watu wasimamishe basi Uyole kununua huondoka. Mwingine huona hiyo ni hasara kubwa. Wanaopenda wali unaochambuka husema wa zamani ni bora.

Ukitaka kuweka akiba ya aina hiyo, weka mweupe, na kabla ya kufikiria chombo fikiria unyevu. Kwa kukaa miaka, punje iwe na unyevu wa asilimia 12 au chini yake. Nyumbani kuna kipimo cha chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mchele hadi theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi 15 na mchele huo usiufunge popote. Lakini isipoganda, kipimo kinakuambia tu kwamba uko chini ya 15. Hakikuambii umefika 12. Hapo omba kipimo halisi kwa afisa ugani wa kata, au kwenye ghala kubwa linalonunua mpunga. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache.

Mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani na gunia nje, ni mizuri kwa kazi hii. Ila watu huielewa vibaya. Oksijeni ndani ya mfuko ule huisha kwa sababu wadudu waliomo wanaivuta mpaka wanakufa. Mchele safi usio na mdudu hauna wa kuivuta, hivyo oksijeni inabaki siku nyingi. Kwa mchele mweupe haina shida. Kwa wa kahawia ndiyo maana mfuko hautakuokoa.

Turudi kwako na mzee wa nyumbani. Tuseme mnapika nusu kilo kwa siku, ambayo ni kilo 15 kwa mwezi. Kilo 100 za mpunga hutoa kama 20 za kapi, zinabaki 80 za mchele wa kahawia. Kwa hiyo kilo 20 za mpunga zinakupa 16, mwezi mmoja na ziada ya mgeni. Nunua mpunga wako wa mwaka mzima mwezi Julai kama ulivyofanya, kilo 240. Hakikisha umekauka hadi 13 au chini, weka kwenye magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta, chumba cha kivulini. Kila mwisho wa mwezi chota debe mbili kasoro, peleka kwenye mashine, rudi na mchele wa mwezi huo tu. Utando utakuwa umechubuliwa wiki hii, na utaliwa kabla lipasi haijafika mbali. Kapi lenyewe ndilo chombo kizuri kuliko ndoo yoyote utakayonunua, na umelipewa bure.

Hapo utakutana na tatizo la mashine. Nyingi za mitaani ni zile za chuma zinazotoa kapi na kukoboa kwa mpigo mmoja. Ukimwambia fundi akuachie wa kahawia, atalegeza kidogo tu na utapata mchele wenye madoa na chenga nyingi. Tafuta yenye rola mbili za mpira, zinazozunguka kwa kasi tofauti na kumenya kapi bila kuisugua punje sana. Mwambie apitishe hatua ya rola tu, asiufikishe kwenye king'arishi. Ukifika nyumbani pepeta, toa chenga kwa ungo. Chenga ni punje zilizo na jeraha wazi, ndizo zinazochacha kwanza na kuambukiza ndoo nzima harufu. Zipike wiki hiyohiyo, uji wa asubuhi unazipenda.

Kama mashine ya namna hiyo iko mbali na huwezi kwenda kila mwezi, koboa wa miezi mitatu, gawa kwenye mifuko ya kilo mbili mbili, weka friza, na toa mmoja mmoja. Ukitoa, uache ufike joto la chumba kabla ya kuufungua, la sivyo umande utaingia kwenye punje. Njia nyingine ni kuuchemsha mpunga ukiwa na kapi, kuukausha kivulini, ndipo umenywe. Joto lile linaiua lipasi, kwa hiyo mwizi wa kwanza anaondoka kabisa. Wa pili anabaki, na kuchemsha huyasambaza mafuta kiasi cha kumrahisishia kazi. Unaongeza muda, hupati miaka. Na mpunga wa Kyela ukichemshwa unakuwa mpunga wowote. Mimi siwezi kukushauri hivyo kwa moyo mmoja.

Ndoo iliyoharibika sasa. Chota konzi, isugue kati ya viganja mpaka ipate joto, nusa. Kisha weka konzi nyingine kwenye kikombe, mwagia maji ya moto, funika dakika kumi, funua ukiwa umeinamisha pua. Harufu ikiwa hafifu, bado unaweza kuuokoa: upeleke ukakobolewe uwe mweupe. Mafuta mabaya yamo kwenye utando, na utando ndio utakaotoka. Jaribu kwanza kilo moja, upike, uonje, ndipo upeleke uliobaki. Pumba itakayotoka humo usimpe kifaranga wala mtoto wa nguruwe, mafuta yaliyochacha huharibu vitamini E kwenye chakula chao. Lakini harufu ikikupiga usoni, utupe kwenye mbolea. Mchele uliochacha si sumu ya kukulaza kitandani leo, ila tumbo hulalamika, na hakuna sababu ya kumlisha mgonjwa kitu kama hicho kwa jina la afya.

Nimezungumzia mafuta tu. Ukikuta harufu ya ukungu, ya stoo ya chini ya mvua, punje zimeshikana mabonge au zina madoa ya kijani na meusi, hilo ni jambo jingine kabisa. Huo ni uvundo, na baadhi ya ukungu huacha sumu isiyotoka kwa kuosha wala kupika. Usionje, usikoboe, usiwape kuku. Aliyekula akatapika au kuumwa tumbo, nenda zahanati na ueleze alichokula. Na kuhusu sukari ya mzee, panga sahani yake na mtaalamu wa lishe kwenye kliniki yenu ya kisukari. Wa kahawia hupandisha sukari taratibu kuliko mweupe, lakini bado ni wanga, na sahani iliyojaa ni sahani iliyojaa. Mwendee na kikombe mnachopimia, asikie kiasi halisi.

Ule wa mama mkwe, siku akikupa, usiupike kwa kipimo cha mchele mpya. Mchele uliokaa miaka hunywa maji. Ongeza robo kikombe kwa kila kikombe cha mchele, funika, na mkaa wa juu uwe mdogo.